Sola ya Kulipia Kidogo Kidogo: Huwa Mali Yako Lini?



Katika miezi ya karibuni nimeletewa karatasi tatu za mkataba wa sola, zote kutoka nyumba ambazo nguzo za umeme hazijazifikia. Ya kwanza ni ya mvuvi anayetishiwa kunyang'anywa. Ya pili ni ya mama aliyemaliza kulipa na taa zake zikazimwa. Ya tatu imeletwa na warithi. Maneno ya karatasi hizo yanakaribiana, na wote watatu, kila mmoja kwa lugha yake, wameuliza lile aliloniuliza mvuvi: "Mwalimu, hii taa ni yangu au nimepangishwa?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa mengine yote, kwa hiyo leo nalitanguliza. Mtu hawezi kujua kama ni haki kuzimiwa, kunyang'anywa au kurithiwa kabla hajajua kile kisanduku kilichotundikwa ukutani mwake ni mali ya nani.

Kwa wasiokijua chombo chenyewe, nitakieleza kwa ufupi. Juu ya bati kuna paneli, na ndani kuna kisanduku chenye betri ambacho taa, redio au televisheni huchomekwa. Ndani ya kisanduku hicho mna kufuli isiyoonekana. Visanduku vingine vina simkadi na hupokea amri moja kwa moja kutoka kwa kampuni. Vingine vina vitufe vya namba: mteja hulipa kwa M-Pesa, huletewa tarakimu kwa ujumbe wa simu, huzibofya, na kisanduku huanza kuhesabu siku alizozinunua. Siku zikiisha, kisanduku hufunga mlango wa umeme. Jua laweza kuwa linawaka na betri imejaa, lakini nyumba imo gizani. Mtu asidhani kimeharibika. Kimefungwa.

Sasa turudi kwenye mkataba wa mvuvi wetu. Alitoa arubuni ya shilingi 3,000 siku ya kwanza, kisha akatakiwa alipe shilingi 50 kwa siku kwa siku 420. Hizo ni shilingi 21,000, na jumla ya bei ni shilingi 24,000. Kipengele kimoja kinasema kampuni inabaki kuwa mmiliki mpaka malipo ya mwisho. Kingine kinasema chombo kikiibiwa, kikiungua au kikiharibika, hasara ni ya mteja na malipo yanaendelea. Cha tatu kinasema mteja akikaa siku 60 bila kulipa, kampuni yaweza kuja kukichukua chombo, na alichokwisha kulipa hakirudishwi.

Ukivisoma vipengele hivi kimoja kimoja, kila kimoja hakina ajabu. Viweke pamoja ndipo utaona tatizo. Kampuni ni mmiliki inapokuja kuchukua, lakini si mmiliki inapokuja hasara. Mteja naye ni mnunuzi wakati wa kubeba hasara, na mpangaji wakati wa kunyang'anywa. Fiqhi haikubali mtu ashike pande zote mbili. Aliye mmiliki wa kitu ndiye anayebeba hasara yake, na anayebeba hasara ndiye anayestahiki faida yake.

Wanavyuoni wa zama zetu hawakuliacha jambo hili. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Jidda mwezi wa Machi 1990, katika azimio lake nambari 51, ilipitisha kwamba kuuza kwa awamu kunajuzu, na kwamba bei ya awamu yaweza kuzidi bei ya taslimu, mradi wahusika wamekubaliana bei moja kabla ya kuachana. Basi mtu asije akasema kwamba shilingi 24,000 ni riba kwa kuwa dukani chombo hicho hupatikana kwa 17,000. Riba ingeingia kama bei hiyo ingeongezwa baadaye kwa sababu ya kuchelewa. Lakini azimio hilohilo limesema neno ambalo kampuni nyingi hazijalisikia: muuzaji hana haki ya kujibakizia umilikaji wa kitu baada ya kukiuza. Anachoweza ni kushurutisha kwamba kitu hicho kiwe rahani mpaka alipwe. Nakiri kwamba wanavyuoni wetu wa Kishafii wa zamani walikuwa wakali zaidi, hata rahani ya kitu kilekile kilichouzwa hawakuikubali iwe sharti la bei. Katika hili watu wa leo wamepewa nafasi, na mimi naona nafasi hiyo ina maslaha, kwani bila ya dhamana hakuna atakayemkopesha mvuvi.

Na kama kampuni inasema hii si bei bali ni ijara, yaani ukodishaji unaoishia kwenye umilikishaji, nalo lina hukumu yake. Majmaa hiyohiyo ilikaa Riyadh mwezi wa Septemba 2000, na katika azimio nambari 110 ikaweka masharti. Ijara iwe ijara ya kweli, na umilikishaji uje kwa mkataba wake au kwa ahadi mbali. Katika muda wote wa ijara, hasara ya chombo iwe juu ya mwenye chombo, isipokuwa mpangaji awe amekiharibu kwa kusudi au kwa uzembe. Kwa hiyo betri ikifa yenyewe mwezi wa nane, katika ijara ya haki malipo husimama mpaka itengenezwe, kwa sababu hakuna manufaa yanayokodishwa.

Nilimwambia mvuvi kwamba mkataba wake, kwa roho yake, ni bei. Una bei moja inayojulikana, una arubuni, una siku ya mwisho, na chombo kitabaki kwake. Jina la kukodi limewekwa ili kurahisisha kunyang'anya. Basi kisheria ya dini chombo ni chake tangu siku kilipofungwa ukutani, juu yake kuna deni, na kampuni ina rahani.

Msomaji huenda akauliza: tofauti ni nini, ikiwa mwisho wake kampuni itakuja tu? Tofauti ni shilingi nyingi. Mvuvi huyu alilipa siku 310 bila kusumbuliwa. Kusi ilipokaza, ngarawa zikakaa ufukoni, na kwa mtu wa bahari mwezi wa Juni si mwezi wa kulipa shilingi 50 kila siku. Siku 60 zikapita. Alikuwa amekwisha kutoa 3,000 za arubuni na 15,500 za siku, jumla 18,500. Deni lililobaki ni 5,500. Kwa hesabu ya karatasi, kampuni inachukua chombo na inabaki na 18,500. Kwa hesabu ya rahani, mwenye rahani hana haki ya zaidi ya deni lake. Chombo kinauzwa kwa bei ya sokoni, anachukua 5,500 zake, na kinachozidi kinarudi kwa mvuvi. Tuseme kimeuzwa 9,000, basi 3,500 ni zake mvuvi. Kikiuzwa 4,000, bado anadaiwa 1,500, naye asikimbie.

Hiyo ni hukumu ya fiqhi, na mawakala waliokuja na pikipiki hawakuja kusoma fiqhi. Kwa bahati nzuri sheria ya nchi yetu nayo ina neno. Ipo Sheria ya Ununuzi kwa Kukodi, Sura ya 507, iliyotungwa mwaka 1968 wakati vitu vya awamu vilikuwa cherehani na baiskeli. Inahusu mikataba ambayo mtu hukodi kitu kwa matarajio ya kukimiliki. Kifungu chake cha 15 kinasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei yote, mwenye mali hawezi tena kukichukua ila kwa kwenda mahakamani. Akikichukua bila kesi, mkataba umekwisha, mnunuzi hana deni tena, na anaweza kudai arudishiwe alichotoa.

Theluthi mbili za 24,000 ni 16,000. Toa 3,000 za arubuni, zinabaki 13,000, ambazo ni siku 260. Mvuvi alikwisha kuvuka mpaka huo kwa siku 50. Tazama ajabu: kampuni iliyosisitiza kuandika kwamba inakodisha, ili ibaki mmiliki, kwa kuandika hivyo imejiingiza chini ya sheria hiyo. Ingeandika bei ya wazi yenye mkopo, kifungu hiki kisingemfaa mvuvi, na angehitaji kujitetea kwa njia nyingine. Ndiyo maana nasema mtu asome neno lililoandikwa katika karatasi yake, wala asitegemee mkataba wa jirani.

Lakini kuna mtego mmoja. Mawakala walikuja na fomu, wakamwambia atie sahihi tu kwamba wamepokea chombo. Juu ya fomu yenyewe yameandikwa maneno ya kurudisha kwa hiari. Anayetia sahihi hapo hakunyang'anywa, amekabidhi mwenyewe, na kinga ya theluthi mbili itamwia vigumu kuidai. Mvuvi hakutia sahihi. Aliwaambia, kwa adabu, walete amri ya mahakama, na akawaandikia barua yenye hesabu ya malipo yake na ahadi ya kuanza tena kulipa bahari itakapotulia. Waliondoka bila ya chombo, na ofisi yao haikurudi na amri.

Hata hivyo, taa zake hazikuwaka. Hapa ndipo sheria ya mwaka 1968 inaponyamaza, kwani watunzi wake hawakupata kuwaza kwamba kitu kingeweza kubaki nyumbani mwa mtu na hali kimechukuliwa. Kampuni isiyoweza kubeba kisanduku inaweza kukiacha kifu kwa miezi. Kufuli ile ndiyo nguvu yao halisi, si pikipiki.

Je, kufunga huko kunajuzu? Nimelitafakari, na rai yangu ni hii. Ikiwa mnunuzi alielezwa kabla ya kutia sahihi kwamba siku asiyolipa kisanduku kitajifunga, akaridhia, na bei haiongezeki kwa kufungwa huko, basi ni namna ya kuzuia rahani, na sharti hilo linabeba. Linaloharamisha ni pale kampuni inapotoza ada ya kufungulia inayoingia mfukoni mwake, kwani hiyo ni ziada juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa, iite jina upendalo. Na siku ambazo mteja amelipa lakini tarakimu hazikuja, au simkadi ya kisanduku haikupata mtandao, ni siku zake. Azidai zirudishwe, aandike tarehe. Aya ya 280 ya Suratul Baqara kuhusu mdaiwa mwenye dhiki haihitaji kufasiriwa na mimi. Nasema tu kwamba mkataba wa kila siku ulioandikwa kwa mwenye mshahara umeuzwa kwa mtu wa kusi na kaskazi, na jambo la kuombwa kabla ya kununua ni ratiba inayolingana na pato: alipe mara mbili katika kaskazi, apumzike katika kusi. Kampuni nyingine hukubali malipo ya mapema ya siku nyingi kwa mara moja, na siku hizo hujipanga zenyewe.

Sasa karatasi ya mama. Yeye alimaliza siku zake zote, akapongezwa kwa ujumbe wa simu, na baada ya wiki kisanduku kikafunga. Sababu mbili za kawaida huleta hali hii. Ya kwanza ni ya kiufundi: malipo ya mwisho peke yake hayafungui kufuli. Lazima kisanduku kipokee amri ya kufunguka moja kwa moja. Kwa kisanduku cha vitufe, hiyo ni tarakimu maalumu, tofauti na za kila siku, na mtu asiyezibofya atabaki amefungiwa ilhali hadaiwi hata senti. Kwa kisanduku cha simkadi, amri hupitia mtandao, na kilichowekwa chini ya makuti mazito au kilichokuwa kimezimwa huenda hakijaipata. Kikitolewa nje mahali penye mtandao kikaachwa saa kadhaa, mara nyingi hufunguka. Dalili ya kwamba kimefunguka kweli ni kuwa hakihesabu siku tena. Kama bado kinaonyesha siku zilizobaki, hata ziwe elfu, ulizia.

Kwa mama huyu tarakimu alizibofya. Sababu yake ilikuwa ya pili, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Siku tatu baada ya pongezi aliletewa ujumbe kwamba kwa uaminifu wake amestahiki mkopo wa ada ya shule, na akitaka ajibu kwa namba moja. Alijibu. Fedha zikaja. Hakujua kwamba kwa namba ile moja ameiweka sola yake rahani upya, na kufuli iliyofunguliwa imerudishwa. Alipochelewa wiki moja, taa alizokwisha kuzilipa zikazimwa kwa deni lisilohusu taa.

Kuweka rahani mali yako ni halali, na mwenye mali ana hiari. Lakini hiari haipatikani kwa asiyejua anachokiweka, na aliyetoa ujumbe ndiye mwenye wajibu wa kulisema wazi. Isitoshe, mkopo ule ulikuwa wa shilingi 5,000 za kurudisha 6,200, na fedha kwa fedha yenye ziada haina mlango wa kuingilia katika bei halali. Ile sola ya kwanza ilikuwa bei ya kitu, hii ya pili ni riba. Mtu asizichanganye kwa kuwa zimetoka kwa wakala mmoja na kulipwa kwa namba moja.

Nilimshauri alipe asili na kilichobaki upesi awezavyo ili ajitoe, kisha aombe barua ya ukamilisho. Barua hiyo ni jambo dogo ambalo watu hulidharau. Iwe na jina lake, namba iliyochapwa nyuma ya kisanduku, jumla aliyolipa, na maneno kwamba chombo ni mali yake na hakina dai lolote. Ujumbe wa pongezi katika simu haufai kitu simu ikiibiwa. Kabla ya kuiomba, achukue taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote alinganishe hesabu, kwani anayelipia kwa simu ya mtoto au ya jirani huweza kukosea tarakimu moja ya akaunti, na malipo yakaingia kwa mtu mwingine asimjue. Aya ya 282 ya sura hiyohiyo imetuamrisha kuandika deni linapoanza. Wetu huandika linapoanza, kwa kuwa wakala ndiye mwandishi, na linapokwisha hakuna anayeandika.

Wengine wataniuliza kwa nini mambo haya yasipelekwe kwa Kadhi. Katiba yetu, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu. Mzozo na kampuni ya sola haumo. Mahali pake ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kwenda bila wakili. Abebe mkataba, taarifa ya M-Pesa na picha ya kisanduku.

Karatasi ya tatu, ya warithi, ndiyo inayoweza kumfikia Kadhi, na jibu lake linatoka moja kwa moja katika tuliyoyasema. Baba alifariki akiwa amelipa siku 200. Wakala amekuja kudai kwamba mkataba umekufa naye na chombo ni cha kampuni. Kama ni bei, na kwa maelezo niliyoyatoa naiona ni bei, chombo ni tarika, deni lililobaki ni deni la maiti linalolipwa kabla ya kugawa, na warithi wana haki ya kulilipa wabaki na sola yao. Arubuni na siku 200 ni shilingi 13,000, hazijafika 16,000, kwa hiyo kinga ya theluthi mbili hawana bado. Wakilipa siku 60 nyingine, ambazo ni shilingi 3,000 tu, wataifikia. Niliwaambia watoe hizo kwanza kutoka katika fedha za marehemu, wapate risiti, ndipo wazungumze na wakala juu ya zilizobaki.

Wallahu aalam.